Meneja wa duka si kampuni, na mkurugenzi mkuu naye wakati mwingine si kampuni: basi nia ovu ya kampuni inakaa kwa nani?

Mwanafunzi_wa_Jioni

Wana jukwaa, salamu kwenu nyote. Nasoma sheria kwa masomo ya jioni na sasa tumefika kwenye kanuni ya utambulisho, ile inayosema kwamba kampuni haiwezi kutiwa hatiani kwa kosa linalohitaji nia ovu mpaka apatikane mtu mwenye nia hiyo ambaye cheo chake kinamfanya ahesabike kuwa ndiye kampuni yenyewe. Kesi tuliyopewa kuijadili ni Tesco dhidi ya Nattrass, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1971.

Nimeisoma zaidi ya mara moja na bado inanisumbua. Meneja wa duka ameajiriwa na kampuni, analipwa na kampuni na anaongoza duka lenye jina la kampuni mlangoni, lakini alipokosea mahakama ilisema kwamba yeye ni "mtu mwingine". Kama anayeongoza duka zima si kampuni, mteja anayeingia dukani anakutana na nani? Naomba wanaoifahamu kesi hii kwa undani wanisaidie kuelewa malodi walifikaje hapo, na kama kanuni hii bado ina nguvu leo.

Bi_Zuhura

Mwanangu, umeanza na kesi sahihi, ila itakubidi uisome pamoja na kosa lenyewe lililoshtakiwa, kwa sababu wengi huirukia hotuba ya Lodi Reid, mmoja wa malodi walioiamua, na kuyaacha mambo ya dukani.

Tesco ilitangaza kwamba sabuni ya unga inayoitwa Radiant inauzwa kwa shilingi 2 na peni 11 badala ya bei ya kawaida ya shilingi 3 na peni 11. Katika duka la Northwich pakiti zenye alama ya bei iliyopunguzwa zilikwisha. Msaidizi wa duka alipoona rafu haina kitu akapanga pakiti za bei ya kawaida na hakumwarifu meneja. Meneja naye, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila bidhaa iliyotangazwa ipo kwa bei iliyotangazwa, hakukagua rafu, na katika taarifa yake ya siku aliandika kwamba bidhaa za bei maalumu ziko sawa. Mteja mmoja mzee akafika, akaikosa pakiti ya bei nafuu, na akatozwa bei kamili. Mkaguzi wa vipimo na mizani akaishtaki Tesco chini ya sheria ya mwaka 1968 kuhusu maelezo ya biashara, na mahakimu wakaitoza faini ya pauni 25 pamoja na gharama.

Sasa angalia jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kosa lile halikuhitaji nia ovu hata kidogo. Kuonyesha bei isiyo ya kweli kulitosha. Nia na uangalifu viliingia kupitia utetezi, kwa kuwa sheria ilimruhusu mshtakiwa ajitoe kwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba kosa lilitokana na kitendo cha mtu mwingine, na kwamba yeye mwenyewe alichukua tahadhari zote za busara na kuwa na uangalifu stahiki. Hapo ndipo ikalazimu kuuliza "yeye mwenyewe" ni nani endapo mshtakiwa ni kampuni yenye mamia ya maduka. Malodi walijibu kwamba ni bodi ya wakurugenzi, mkurugenzi mtendaji, na pengine maofisa wengine wa juu wanaotekeleza kazi za uongozi na kusema kwa niaba ya kampuni. Makao makuu yalikuwa yameweka mfumo mzuri wa usimamizi, wenye ngazi za wasimamizi juu ya mameneja wa maduka. Meneja aliyeshindwa kuutekeleza mfumo huo alikuwa miongoni mwa wanaosimamiwa, kwa hiyo alikuwa mtu mwingine, na Tesco ikashinda.

Lodi Reid alieleza tofauti kwa namna ambayo imebaki midomoni mwa mawakili: mtu wa ngazi ile ya juu hatendi kwa niaba ya kampuni, bali anatenda akiwa kampuni, na akili inayoongoza matendo yake ndiyo akili ya kampuni.

Dafina_ya_Hesabu

Mimi ni mhasibu, si mwanasheria, lakini nadhani jambo hili linafanywa gumu bila sababu. Ninavyojua, mwajiri anawajibika kwa makosa ya mfanyakazi wake yaliyofanyika kazini. Dereva wa kampuni akimgonga mtu, kampuni inalipa. Sasa kwa nini meneja akidanganya bei kampuni isihesabiwe kuwa imedanganya?

Bi_Zuhura

Ndugu Dafina, usemayo ni kweli kwa upande wa madai, na si kweli, au tuseme si kweli kila mahali, kwa upande wa jinai. Katika kesi ya fidia tunauliza nani abebe hasara, na ni haki mwajiri anayepata faida ya kazi aibebe pia hasara inayotokana nayo. Katika jinai tunauliza nani ana hatia, na mahakama za Uingereza zimekuwa zikikataa kumtia mtu hatiani kwa nia iliyokuwa kichwani mwa mtu mwingine, isipokuwa sheria yenyewe iseme hivyo.

Lakini wazo lako si la kubuni. Marekani ndiyo njia waliyoichukua. Mwaka 1909 Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kesi ya kampuni ya reli ya New York Central, ambayo maofisa wake wa usafirishaji walikuwa wakimrudishia kwa siri mteja wa sukari sehemu ya nauli, jambo lililokatazwa na sheria ya shirikisho. Mahakama ilikubali kwamba kitendo na nia ya mwajiriwa anayefanya kazi yake, akikusudia walau kwa sehemu kuinufaisha kampuni, vinaweza kuhesabiwa kuwa vya kampuni, bila kuuliza kama yeye ni mkurugenzi. Kwa kipimo hicho meneja wa Northwich angetosha. Kwa hiyo nchi mbili zinazotumia mapokeo ya sheria yanayofanana zimekwenda njia tofauti, na ndiyo maana mwanafunzi wetu ana haki ya kusumbuka.

Mtazamaji

Nami nichangie. Suala hili lilishamalizwa na kesi ya Salomon mwaka 1897. Kampuni ni mtu tofauti na wenye hisa. Ukitaka kumfikia mwenye kampuni lazima ufunue pazia, na mahakama hufunua pazia pale tu ambapo kampuni imetumika kama kificho cha udanganyifu. Kwa hiyo jibu kwa mleta mada ni kwamba meneja hawezi kuguswa mpaka pazia lifunuliwe.

Bi_Zuhura

Ndugu Mtazamaji, pazia linahusu kutoka kwenye kampuni kumfikia mtu aliye nyuma yake. Mleta mada anauliza kinyume chake: tukiwa tayari tunamjua mtu aliyetenda, tunaifikiaje kampuni? Meneja mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa jina lake kila siku, na hakuna pazia linalomkinga. Salomon ni sababu ya tatizo na si jibu lake, kwa maana ukishasema kampuni ni mtu anayejitegemea, inakubidi useme pia anawaza kwa kichwa gani.

Baharia_wa_Zamani

Niliwahi kufanya kazi kwenye vivuko vinavyobeba magari, kwa hiyo kesi inayonijia mimi ni ya Herald of Free Enterprise. Tarehe 6 Machi 1987 meli ile iliondoka bandari ya Zeebrugge huku milango ya mbele ya sitaha ya magari ikiwa wazi. Maji yakaingia, ikapinduka dakika chache baadaye, na watu 193 wakafa.

Naomba niwaeleze jinsi milango inavyoachwa wazi, maana wasiofanya kazi baharini hudhani kwamba ni mtu mmoja tu aliyesahau. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake baada ya kazi na hakusikia wito wa kuondoka. Msimamizi wake alikuwa karibu na milango, lakini hakuona kuwa kuifunga ni sehemu ya kazi yake. Ofisa mkuu wa sitaha alitakiwa kuhakikisha imefungwa, na wakati huo huo alitakiwa awe mahali pake pa kuondokea. Nahodha kutoka darajani haioni milango ile, na utaratibu uliokuwapo ulimruhusu achukulie kwamba asipoletewa taarifa ya tatizo basi mambo yako sawa. Manahodha walikuwa wameshaomba ofisini wawekewe taa darajani ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na ombi hilo lilipuuzwa na watu wa nchi kavu. Uchunguzi rasmi ulisema kwamba kampuni ilikuwa imeambukizwa uzembe kuanzia juu hadi chini.

Pamoja na hayo yote, kampuni ilipofikishwa mahakamani mwaka 1990 kwa kosa la kuua bila kukusudia, jaji aliamuru iachiwe kabla hata ya kuombwa kujitetea. Hilo mimi sijawahi kulikubali.

Bi_Zuhura

Baharia ameeleza vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Niongeze tu upande wa mahakama, kwa sababu kesi ile ilikuwa na ushindi wa kwanza uliofuatiwa na kushindwa. Jaji Turner alikubali kwamba kampuni inaweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia, jambo ambalo mawakili wa utetezi walikuwa wamelipinga kwa nguvu. Kisha ikaja kanuni ya utambulisho. Ili kampuni iwe na hatia, ilibidi apatikane walau mtu mmoja wa ngazi ya juu ambaye yeye peke yake ana hatia ya kuua bila kukusudia. Upande wa mashtaka haukumpata. Kila aliyekuwa juu alikuwa na sehemu ndogo ya kosa, na jaji alikataa sehemu hizo zisijumlishwe ili kupata kosa moja zima.

Linganisha na ajali ya mitumbwi ya Lyme Bay, mwaka 1993, ambapo vijana wanne walikufa katika safari ya kituo kidogo cha michezo. Wakufunzi wa kituo walikuwa wameshamwandikia mkurugenzi mtendaji barua ya kumwonya kuhusu usalama, naye ndiye aliyekuwa akiendesha mambo yote. Mwaka 1994 yeye alifungwa na kampuni ikatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikiwa ya kwanza Uingereza. Barua moja, mtu mmoja, kampuni ndogo: kanuni ilitimia bila shida.

Mdodosi

Hapo ndipo ninapotaka kubana, Bi Zuhura, kwa heshima. Umesema jaji alikataa kujumlisha. Kwa nini? Mtu wa kawaida akifanya uzembe mdogo mara tano mfululizo, tunaruhusiwa kuyatazama yote matano pamoja. Kampuni ikifanya uzembe mdogo kupitia watu watano, kwa nini tusitazame kwa pamoja ilhali tunasema kampuni ni mtu mmoja? Naona mahakama inaichukua kampuni kuwa mtu mmoja pale inapofaa kumiliki mali, na kuifanya kundi la watu wengi pale inapofaa kuikwepesha adhabu.

Bi_Zuhura

Hoja yako ni nzito na wako waandishi wa sheria wanaoishikilia. Jibu la upande wa pili ni hili. Kwa makosa ya uzembe, kujumlisha kunaeleweka, kwa sababu uzembe ni kushindwa kufikia kipimo fulani, na mfumo mzima unaweza kushindwa kukifikia hata kama hakuna mtu mmoja aliyeshindwa vibaya. Kwa makosa ya ulaghai ni tofauti. Karani A anajua kwamba tarakimu fulani si ya kweli lakini hajui kwamba inapelekwa kwa wawekezaji. Ofisa B anaipeleka kwa wawekezaji lakini anaamini ni ya kweli. Ukiunganisha anachojua A na anachofanya B utapata kampuni iliyodanganya kwa makusudi, ilhali ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliyedanganya. Mimi binafsi naona kwamba hapo tutakuwa tumetengeneza nia ambayo haikuwahi kuwapo mahali popote.

Lakini kwa Herald nakubaliana na wewe na Baharia. Ulikuwa uzembe, na uzembe wa mfumo.

Msimamizi_wa_Ghala

Samahanini kwa kuingilia na jambo langu. Ninafanya kazi katika kampuni ambayo sitaitaja. Fomu za ukaguzi wa mashine za kunyanyulia mizigo zinatakiwa kujazwa kila asubuhi. Meneja wa eneo alituambia kwa mdomo tuzisaini hata kama ukaguzi haujafanyika, ili malori yasichelewe. Mwenzetu mmoja ameumia mguu baada ya breki ya mashine kushindwa, na sasa kampuni inasema waliosaini fomu ndio waliodanganya na kwamba makao makuu yalikuwa na mwongozo unaokataza hilo kabisa. Je, kwa kanuni hii mnayoijadili, kampuni imeshaokoka na sisi tumebaki peke yetu?

Bi_Zuhura

Pole sana kwako na kwa mwenzenu aliyeumia. Siwezi kukupa ushauri wa kesi yako hapa, na nakusihi umwone wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote kazini. Nitakueleza tu mahali ambapo kanuni hii inafika na mahali ambapo haifiki.

Kitu cha kwanza atakachouliza wakili ni kosa gani linashtakiwa. Sheria za usalama kazini katika nchi nyingi humpa mwajiri wajibu wake mwenyewe wa kuweka mahali pa kazi salama kadiri inavyowezekana, na kuuvunja wajibu huo ni kosa lisilohitaji nia ovu ya mkurugenzi yeyote. Hapo kanuni ya utambulisho haina nafasi kubwa. Tazama ajali ya treni ya Southall ya mwaka 1997, iliyoua watu 7. Shitaka la kuua bila kukusudia dhidi ya kampuni ya Great Western Trains lilianguka kwa sababu hakupatikana mtu wa juu wa kutambulishwa nayo, na Mahakama ya Rufaa baadaye ikathibitisha kwamba sharti hilo bado lipo. Lakini kampuni hiyo hiyo ilikiri kosa chini ya sheria ya usalama kazini na ikatozwa faini ya pauni milioni 1.5.

Kitu cha pili ni huo mwongozo wa makao makuu. Uzuri wa maandishi yake hautoshi. Katika kesi ya Tesco mfumo uliaminika kwa sababu ilionyeshwa kwamba ulikuwa ukifanya kazi na kusimamiwa. Mwongozo unaokataza jambo ambalo meneja wa eneo analiagiza kila asubuhi, na ambalo ratiba ya malori isingewezekana bila hilo, una maswali mengi ya kujibu. Ni nani aliyepanga ratiba? Kuna mtu aliyewahi kukagua fomu na kushangaa kwamba mashine zote ziko sawa kila siku? Kama kuna ujumbe wa simu au barua pepe inayoonyesha agizo hilo, ihifadhiwe kama ilivyo.

Msimamizi_wa_Ghala

Nashukuru, Bi Zuhura. Ratiba inatoka makao makuu, hilo nina hakika nalo, na ujumbe mmoja wa simu ninao. Nitamwona wakili kama ulivyosema, na sitaandika zaidi hapa.

Dafina_ya_Hesabu

Nimefuatilia na nimeelewa tofauti ya madai na jinai. Basi nibaki kwenye eneo langu la fedha. Nilidhani kwamba walau kwa benki mambo ni rahisi, kwa maana mikataba mikubwa husainiwa na mkurugenzi mkuu na mkurugenzi wa fedha wenyewe. Huyo ndiye kichwa, hakuna wa juu yake. Mbona kesi ya Barclays ilianguka?

Bi_Zuhura

Kesi hiyo ndiyo iliyoifikisha kanuni ukingoni, kwa hiyo niichukue polepole.

Mwaka 2008, wakati wa msukosuko wa fedha, Barclays ilitafuta mtaji kutoka kwa wawekezaji, Qatar wakiwemo. Waendesha mashtaka wa makosa makubwa ya ulaghai walidai kwamba mikataba ya huduma za ushauri iliyosainiwa sambamba na uwekezaji huo ilikuwa njia ya kuwalipa wawekezaji hao ada ya ziada bila kuitangaza kwa soko. Walishtakiwa maofisa kadhaa, akiwemo aliyekuwa mkurugenzi mkuu, pamoja na benki yenyewe. Ni lazima niseme wazi kwamba maofisa waliofikishwa mahakamani wote waliachiwa huru baadaye, kwa hiyo hapa sizungumzii kama kulikuwa na ulaghai. Nazungumzia swali lililoamuliwa kabla: hata kama madai yangekuwa kweli, je, nia ya maofisa hao ingekuwa nia ya benki?

Mwaka 2018 mashtaka dhidi ya benki yalifutwa, na upande wa mashtaka ulipokwenda Mahakama Kuu kuomba yarudishwe, Lodi Jaji Davis alikataa. Aliangalia nani hasa alikuwa na mamlaka juu ya jambo lile mahususi. Bodi ilikuwa imebaki na madaraka ya kuidhinisha ukusanyaji wa mtaji, kwa kutumia pia kamati yake ya fedha. Mkurugenzi mkuu na mkurugenzi wa fedha walipewa kazi ya kujadiliana na wawekezaji, lakini hawakuachiwa uamuzi wa mwisho bila kurudi kwa bodi. Kwa hiyo, katika jambo lile, wao hawakuwa akili inayoongoza benki. Cheo kikubwa hakikutosha. Kilichohitajika ni uhuru kamili wa kuamua jambo husika.

Utaona matokeo yake. Katika benki kubwa kila jambo zito hurudi kwa bodi, na bodi yenye watu wengi wanaosoma muhtasari ulioandaliwa na wengine ni nadra ijue ulaghai uliofichwa ndani ya muhtasari huo. Anayejua hana mamlaka ya mwisho, na mwenye mamlaka ya mwisho hajui.

Mwanafunzi_wa_Jioni

Sasa nimepata picha ambayo darasani sikuipata. Kama ni hivyo, kampuni yenye utawala bora zaidi, inayorudisha kila jambo kwa bodi, ndiyo iliyo vigumu zaidi kuitia hatiani, na duka la familia lenye mkurugenzi mmoja linakamatwa mara moja.

Bi_Zuhura

Ndivyo, na ndiyo sababu kubwa iliyofanya Bunge la Uingereza liingilie kati mwaka 2023. Sheria mpya ya uhalifu wa kiuchumi na uwazi wa makampuni, katika kifungu cha 196 kilichoanza kutumika tarehe 26 Desemba 2023, inasema kwamba meneja mwandamizi akitenda mojawapo ya makosa ya kiuchumi yaliyoorodheshwa, akiwa ndani ya mipaka ya mamlaka aliyopewa au anayoonekana kuwa nayo, kampuni nayo ina hatia. Meneja mwandamizi anatambuliwa kwa kazi anayoifanya, si kwa jina la cheo: awe na nafasi kubwa katika kuamua jinsi shughuli zote za kampuni, au sehemu yake kubwa, zinavyoendeshwa, au awe yeye mwenyewe anaziendesha. Huhitaji tena kuthibitisha kwamba alikuwa na neno la mwisho. Wakurugenzi wa aina ile iliyozungumzwa katika kesi ya benki wangeingia moja kwa moja.

Mdodosi

Lakini meneja wa Northwich hangeingia hata leo. Duka moja kati ya mamia si sehemu kubwa ya shughuli za kampuni. Na meneja wa kanda mwenye maduka 60 chini yake? Na mkuu wa kitengo kimoja cha benki chenye wateja wachache lakini faida kubwa? Tumeusogeza mstari, hatujaufuta, na mawakili wa makampuni makubwa wataanza kugombania maana ya "sehemu kubwa" kama walivyogombania "akili inayoongoza".

Bi_Zuhura

Kweli, mstari umesogezwa tu. Mahakama bado hazijapata kesi za kutosha kutuambia meneja wa kanda yuko upande gani, na mimi sitajifanya mtabiri. Nitakachosema ni kwamba kabla ya Bunge, palikuwa na njia nyingine ambayo kwangu ilikuwa bora zaidi, na haikufuatwa inavyostahili katika jinai.

Ni kesi ya Meridian ya mwaka 1995, iliyotoka New Zealand na kuamuliwa London, ambako rufaa za mwisho za nchi hiyo zilikuwa zikisikilizwa wakati huo. Ofisa mkuu wa uwekezaji wa kampuni ile, akishirikiana na mwenzake, alinunua kwa fedha zilizokuwa chini ya usimamizi wa kampuni asilimia 49 ya kampuni nyingine iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Sheria ilimtaka mwekezaji mkubwa atoe taarifa mara anapojua kwamba amekuwa mwekezaji mkubwa. Bodi haikujua. Je, kampuni ilijua? Lodi Hoffmann alikataa kuanza na swali la nani ni kichwa cha kampuni. Aliuliza sheria hii ilitungwa kwa lengo gani, na kwa lengo hilo, nani katika kampuni anastahili kuhesabiwa kuwa ndiye anayejua. Kama ni bodi pekee, kampuni itanunua hisa kwa siri kadiri bodi yake inavyokutana mara chache, na sheria itakuwa haina maana. Basi anayejua ni yule aliyepewa mamlaka ya kununua.

Soma Tesco kwa jicho hilo na utaona kwamba hata Lodi Reid alikuwa akijibu swali la sheria moja yenye utetezi wa aina moja. Kosa letu lilikuwa kuichukua kama kanuni ya makosa yote.

Baharia_wa_Zamani

Na kwa vifo je? Hii sheria ya 2023 mliyoitaja ni ya fedha. Watu 193 hawakufa kwa ulaghai.

Bi_Zuhura

Kwa vifo kuna sheria ya mwaka 2007 kuhusu makampuni yanayosababisha vifo, iliyoanza kutumika Aprili 2008. Hiyo haimtafuti mtu mmoja mwenye hatia. Inauliza kama namna shughuli zilivyosimamiwa na kupangwa ilisababisha kifo, kama ni uvunjaji mkubwa kupita kiasi wa wajibu wa uangalifu, na kama mchango wa uongozi wa juu katika uvunjaji huo ni wa maana. Kwa hiyo taa ya darajani iliyokataliwa, utaratibu wa kunyamaza kuchukuliwa kama usalama, na mgawanyo wa kazi usioeleweka vingeweza kuwekwa mezani kwa pamoja. Uongozi wa juu ukitazamwa kama kundi, lile katazo la kujumlisha linapungua nguvu.

Hata hivyo, kampuni ya kwanza kutiwa hatiani chini yake, mwaka 2011, ilikuwa kampuni ya uchunguzi wa udongo ya Cotswold Geotechnical, yenye wafanyakazi wachache sana, baada ya mwanajiolojia kijana kufukiwa na shimo la majaribio. Ilitozwa pauni 385,000.

Mdodosi

Yaani ndogo tena.

Bi_Zuhura

Ndogo tena. Sehemu ya sababu ni lile sharti la uongozi wa juu, ambalo wengi wetu tulilipinga muswada ulipokuwa bungeni kwa kuwa linaifungulia mlango wa nyuma kanuni ile ile ya utambulisho. Australia, katika sheria yake ya jinai ya shirikisho ya mwaka 1995, imejaribu kwenda mbali zaidi kwa kuruhusu ushahidi kwamba utamaduni wa ndani ya kampuni ulielekeza, ulihimiza au ulivumilia uvunjaji wa sheria. Ukirudi kwa ndugu yetu wa ghala, maswali yale ya ratiba na fomu zilizosainiwa kila siku ndiyo hasa ambayo kipimo cha namna hiyo kingeuliza.

Mwanafunzi_wa_Jioni

Swali langu la mwisho, halafu niwaache mpumzike. Umesema tangu mwanzo kwamba kwa ulaghai hukubali kujumlisha. Je, karani A na ofisa B waliotengwa kwa makusudi na wakuu wao, ili mmoja asijue anachofanya mwingine, bado kampuni haina nia?

Bi_Zuhura

Kama kuna aliyewatenga kwa makusudi, huyo ndiye mwenye nia, na kazi ya mpelelezi ni kumtafuta yeye badala ya kuwajumlisha A na B. Akiwa meneja mwandamizi, kifungu cha 196 kinamfikia. Akiwa chini ya hapo, tangu Septemba 2025 kuna kosa jingine la kushindwa kuzuia ulaghai kwa makampuni makubwa, ambalo halimtaki mwenye nia awe wa juu, ila linaiachia kampuni utetezi wa kuonyesha kwamba ilikuwa na taratibu za busara za kuzuia.

Mdodosi

Na kama hakuna aliyewatenga, ila kampuni imekua ikajikuta imepangwa hivyo, na kila mtu anaona inafaa isichunguzwe?

Bi_Zuhura

Hapo mimi na wewe hatutakubaliana leo. Mimi nasema hilo ni uzembe mkubwa na liadhibiwe kwa jina la uzembe. Wewe unataka liitwe ulaghai.

Mdodosi

Nataka liitwe ulaghai kwa sababu faini ya uzembe huingizwa kwenye bajeti. Nitaleta mifano yangu nikipata nafasi.